Nililipa mtu anipangie posti, akaniwekea boti, programu inayokomenti yenyewe. Ukurasa umefungiwa komenti na mteja wangu wa miaka minne hanisemeshi

MamaMadira

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nauza madira na mitandio Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na nusu ya mauzo yangu yanatoka Instagram. Mwezi wa tatu huu namlipa kijana 150,000 kwa mwezi. Tulikubaliana kitu kimoja tu: mimi nampa picha na bei, yeye anapanga posti zitoke asubuhi na usiku, kwa sababu saa za kupakia ndizo hizo hizo ninazohudumia watu dukani. Akaniomba neno la siri, nikampa. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumanne iliyopita mteja wangu alifiwa na mama yake. Huyu dada ananunua kwangu miaka minne, kila Idi anachukua dera tatu. Akaweka picha ya marehemu, rangi nyeusi na nyeupe, chini ameandika saa ya kuondoka nyumbani kwenda makaburi ya Kinondoni. Dakika sita baadaye chini ya picha ile ukatokea ukurasa wangu, na jina la duka langu: "Kazi nzuri sana 🔥🔥 tembelea ukurasa wetu". Akanipigia. Hakupayuka hata kidogo. Aliniuliza tu, "Dada, mama yangu ndiyo kazi nzuri?" Halafu akakata.

Nilikuwa sijui chochote. Kufungua simu nakuta maneno yale yale yamebandikwa kwenye kurasa za watu zaidi ya 60 usiku mmoja, na tumefoloa watu ambao siwajui, wengine tumewafoloa jana na leo tumewaacha. Nikataka kuifuta ile komenti na kuomba radhi pale pale. Kufuta nikaweza. Kuandika radhi ikagoma, ikaja "Try Again Later". Mpaka leo siku ya tano, wateja wanauliza bei chini ya posti na mimi siwezi kuwajibu.

Kijana namuuliza, ananijibu "huo ni utaratibu wa kukuza ukurasa, kila mtu anafanya". Mimi nilimlipa anikuzie ukurasa, au anipangie posti? Naomba wanaojua waniambie kaharibu nini hasa, na natokaje.

KijanaWaData

Pole sana dada. Ila tatizo ni huko kupanga kwenyewe. Hii mitandao inajua kabisa ukitumia programu ya kupanga, inakushusha, posti haifiki kwa watu. Rudi kwenye mkono. Mimi tangu niache kupanga laiki zimepanda.

FundiKurasa

MamaMadira, pole kwa yote, na huyo dada mpe pole ya ana kwa ana, usiiache kwenye simu.

KijanaWaData, hapo kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo inawaumiza watu kwa sababu wanaacha kitu salama na kubaki na kibaya. Kupanga posti hakuna kosa. Instagram yenyewe imeweka kitufe cha kupanga ndani ya programu yake tangu mwishoni mwa 2022, kwa akaunti za biashara na za watengeneza maudhui: posti hadi 25 kwa siku, na unaweza kupanga hadi siku 75 mbele. Meta Business Suite nayo inapanga Facebook na Instagram bure. Hawawezi kukupa kitufe halafu wakuadhibu kwa kukibonyeza. Kinachotokea kwa wengi ni kwamba posti inatoka saa 2 usiku, mwenye ukurasa amelala, watu wanauliza bei hawajibiwi mpaka kesho, mazungumzo yanakufa. Halafu lawama inapewa programu ya kupanga. Wewe ulipoacha kupanga nadhani ulianza pia kukaa na simu mkononi posti inapotoka.

Kinachoadhibiwa ni programu kufanya kwa jina lako mambo ambayo mtu hufanya mwenyewe: kulaiki, kufoloa na kuacha, kukomenti, kutuma ujumbe kwa watu ambao hawajakuandikia. Novemba 2018 Instagram walitangaza wazi kwamba wanaanza kuondoa laiki, folo na komenti zinazotokana na programu za namna hiyo, na wenye akaunti wakawa wanaambiwa wabadilishe neno la siri. Kwa hiyo huyo kijana anaposema kila mtu anafanya, ajue ni jambo linalowindwa miaka yote hii.

Kwa nini walikushika haraka? Maneno yale yale, watu 60, usiku mmoja, kwa kasi isiyo ya kidole. Na hilo la msiba ndilo linaloonyesha boti ni nini: haisomi picha. Inaona tu kuna posti mpya, inabandika.

MamaMadira

Mkuu asante. Kumbe nilikuwa na kitufe bure ndani ya simu yangu! Sasa nitajuaje programu ipi ni ya kupanga na ipi ni boti? Maana yeye aliniambia anatumia "ya kupanga", na kweli posti zilikuwa zinatoka.

FundiKurasa

Zilikuwa zinatoka kwa sababu nyingi za hizo zinafanya yote mawili. Angalia mlango wanaokuingizia. Programu ya halali haihitaji neno lako la siri. Ukibonyeza kuunganisha, inakupeleka kwenye ukurasa wa kuingilia wa Facebook au Instagram wenyewe, juu unasoma facebook.com au instagram.com, unaingia huko, kisha unaonyeshwa orodha ya ruhusa unazotoa. Hiyo ruhusa unaweza kuifuta wakati wowote bila kubadilisha chochote. Boti inakuwekea visanduku viwili kwenye ukurasa wake yenyewe: jina la akaunti, neno la siri. Ukiona hivyo, toka. Inataka kuingia kama wewe.

Ishara ya pili ni ahadi. Programu ya kupanga inakuuzia kalenda. Ikikuahidi wafuasi, ujue watatafutwa kwa kufoloa na kukomenti kwa mashine.

Sasa kutoka. Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza hakikisha barua pepe na namba ya simu kwenye akaunti ni zako, maana ukibadilisha neno la siri wakati namba ni yake, anaweza kulirudisha. Kisha badilisha neno la siri. Kisha ingia Accounts Center, Password and security, Where you're logged in, uondoe kila kifaa usichokijua. Kisha Apps and websites, ufute zote usizozikumbuka. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Mwisho fungua Account Status uone kama kuna kitu kimeondolewa au ukurasa umezuiwa kupendekezwa kwa watu wapya.

Baada ya hapo tulia. Usijaribu kukomenti kila baada ya saa moja kuona kama imefunguka.

KekiZaDodoma

Mimi naongeza langu, na mimi sikutumia boti. Nilipanga kwa njia ya halali kabisa, wiki nzima kwa mkupuo. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 ikatangazwa Rais Magufuli amefariki. Asubuhi saa 1 ukurasa wangu ukatoa keki ya rangi rangi na maneno "Leo ni siku ya kusherehekea, ofa mpaka jioni". Nilikuwa natazama taarifa kama watu wote, posti nimeshaisahau. Nilitukanwa mpaka nikaizima simu. Tangu siku ile sipangi zaidi ya siku tatu, na kila usiku kabla ya kulala nafungua kalenda nasoma kinachotoka kesho.

MzeeWaViatu

Dada hiyo ni wizi wa mtandao. Nenda polisi, na laini yako uifungie, atakopa kwa jina lako.

MamaMadira

Mzee asante, ila laini ninayo mwenyewe. Sijaibiwa, nilimpa mwenyewe, na hicho ndicho kinachoniuma.

Nimefuata hatua za FundiKurasa. Namba ilikuwa yangu, barua pepe ilikuwa YAKE. Kwenye vifaa nimekuta vitano. Viwili vyangu, kimoja chake, viwili viko nchi ambazo sijawahi kufika. Nimevitoa vyote.

Halafu swali jingine. Nilimwambia kwa sauti "ya jioni itoke saa 2 usiku". Nimepitia posti zote, zinatoka saa 5 usiku. Siku nyingine tumeandika "tupo wazi leo hadi saa 3, karibuni dukani", imetoka saa 5! Hiyo nayo ni boti?

FundiKurasa

Hapana, hiyo ni saa za eneo. Aliandika 20:00, ambayo ndiyo saa 2 usiku yetu, lakini programu ilikuwa inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko saa 3 mbele, kwa hiyo 20:00 ya kule ni 23:00 ya Dar. Kila posti inachelewa saa 3 kamili, wala haibadiliki. Kwenye mipangilio chagua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, saa zake ni zile zile. Kisha panga posti moja ya majaribio itoke baada ya nusu saa, uishuhudie ikitoka.

Na unapopata mtu mwingine, usimpe neno la siri. Mpe nafasi kupitia Meta Business Suite, aingie kwa akaunti yake ya Facebook, umruhusu kuweka posti tu. Siku mkikosana unamtoa kwa dakika moja.

Nakato_Kla

Habari za Dar. Mimi niko Kampala. Huku Facebook haifunguki bila VPN tangu Januari 2021, kwa hiyo leo naonekana niko Uholanzi, kesho Marekani. Napanga posti za saluni yangu kwa Business Suite. Je na mimi nitaonekana boti?

FundiKurasa

Nakato, VPN peke yake si boti, lakini kuhamahama nchi kunafanya wakuombe uthibitisho mara kwa mara. Chagua nchi moja kwenye VPN ubaki hapo hapo, na uwe na hatua mbili. Zaidi ya hapo sikuahidi.

KijanaWaData

Sawa mkuu, kuhusu kupanga nimekuelewa. Ila mbona nikiweka "tag marafiki watano" kwenye kila posti, siku hizi inafika kwa watu wachache?

FundiKurasa

Kwa Facebook jibu lipo. Desemba 2017 walitangaza watashusha posti zinazomwomba mtu alaiki, atagi au ashee ili tu ishike kasi, na kurasa zinazorudia zinashushwa zaidi. Wewe umeliweka kama kiolezo kwenye kila posti. Litoe wiki mbili, uliza swali la kweli kuhusu bidhaa, ulinganishe.

MamaMadira

Leo siku ya nane. Komenti zimefunguka asubuhi. Nimewajibu wateja 31 kwa mkono, mmoja mmoja, na saba wameshanunua kwingine.

Jana nilienda Kinondoni nyumbani kwa yule dada. Nikakaa na wenzangu kwenye mkeka, nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha vile vifaa vitano nilivyovipiga picha. Alinisikiliza, akanipa chai. Hakusema amenisamehe.

Kijana kanitumia ujumbe anadai 150,000 ya mwezi huu.