Wanaotutumia faili zenye namba feki, acheni!

Wakuu, nimechoka. Nimeletewa faili la malipo, safu B ina seli 240, kuanzia B2 hadi B241. Ukizitazama zote ni namba. Ukijumlisha, jibu linapungua, na hakuna onyo lolote, kwa sababu SUM inaziruka kimyakimya seli zenye maandishi. Aliyeliandaa kazipanga zote katikati ya seli, kwa hiyo hata ile dalili ya maandishi kukaa kushoto imefutika. Nimebadilisha fomati kuwa namba, wapi! Ninachotaka ni kujua ngapi ni namba kweli na ngapi ni maandishi, nimrudishie faili lake na ushahidi.

Kitasa: Rahisi tu. COUNT inahesabu namba za kweli, COUNTA inahesabu kila seli yenye kitu. Toa, unapata za maandishi.

Mleta uzi: COUNT 187, COUNTA 240. Kwa hiyo 53?

Bi Fomula: Hapana. Hizo 53 ni kila kisicho namba, hata neno "bado" limo humo. Unataka maandishi yanayoweza kugeuka namba:

```
=SUMPRODUCT(ISTEXT(B2:B241)*ISNUMBER(--B2:B241))
```

Vile vistari viwili vinalazimisha maandishi yawe namba. Yakikataa, seli haihesabiwi. Usiiache ISTEXT, maana bila hiyo namba za kweli zitaingia, na hata seli tupu zitahesabiwa kama sifuri.

Chausiku: Mimi namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele. Nifanyeje?

Kitasa: Wewe kinyume chake, zako ziache ziwe maandishi.

Mleta uzi: Imetoa 45. Nane nimezichuja: mbili ni "bado", lakini sita ni namba kabisa, nazisoma kwa macho yangu! Kwa nini zimekataa?

Bi Fomula: Andika =LEN(B17) kwenye mojawapo.

Mleta uzi: Inasema 6. Mle ndani kuna 45000 tu, tarakimu tano!

Bi Fomula: Basi kuna nafasi isiyokatika, ile inayokuja ukinakili kutoka ukurasa wa wavuti. Nafasi ya kawaida mwishoni isingezuia kitu, na TRIM haiigusi hii. Iondoe hivi:

```
=SUMPRODUCT(ISTEXT(B2:B241)*ISNUMBER(--SUBSTITUTE(B2:B241,CHAR(160),"")))
```

Mleta uzi: 51! Na 187, na "bado" mbili, zinatimia 240. Yaani malipo 51 hayakuwemo kwenye jumla, na mtu kasaini! Halafu safu C ina namba za vyumba, 3-4, 5-2, nazo fomula inazihesabu.

Bi Fomula: Hizo inazisoma kama tarehe. Kwa safu ya namna hiyo usiiamini, na mimi sina fomula moja ya kukuhakikishia.

Kitasa: Jaribu kuondoa zenye kistari kwanza.

Mleta uzi: Na namba hasi je? Nazo zina kistari.