Boti ya Pemba: dawa ya kutapika nimpe mtoto saa ngapi?

MamaWawili: Jamani, juzi nilitoka Unguja kwenda Mkoani na wanangu, mkubwa miaka 4, mdogo miezi 14. Kusi limeshika. Boti ilipoondoka nikampa mkubwa promethazini ya maji. Tulipopita Nungwi akatapika, nikampa tena. Akalala mpaka magharibi, hata uji hakutaka. Jumapili tunarudi, boti saa 1 asubuhi. Nimpe lini? Na mdogo apate kidogo? Dada yangu wa Maskati kaniletea vile vya kubandika nyuma ya sikio, nimkatie mkubwa nusu?

Chombo_Baharini: Ukifika bandarini mpe, mkae nyuma karibu na chini, aangalie nje. Wanaokaa mbele juu ndio wanaomaliza mifuko.

DukaLaDawa_Zamu: Kuhusu kukaa, Chombo kasema kweli. Bandarini ni kuchelewa. Kichefuchefu kikianza tumbo linagoma kusukuma vitu, dawa inakaa palepale hadi itoke na matapishi. Promethazini mpe Jumamosi usiku akienda kulala. Wa miaka 4 hupewa miligramu 5. Chupa nyingi zina miligramu 5 ndani ya mililita 5, lakini soma yako, na upime kwa bomba la sindano, si kijiko cha chai. Ulipompa mara ya pili hukujua ya kwanza ilibaki kiasi gani, ndiyo maana akalala vile. Akitapika tena usirudie kwa kukisia.

Mdogo usimpe hata tone. Chini ya miaka 2 promethazini inaweza kumzuia kupumua, na wapo watoto waliokufa.

MamaWawili: Yarabi! Nilikuwa nampa ya mafua yenye hiyo hiyo.

DukaLaDawa_Zamu: Iache, na ukamwonyeshe daktari chupa hiyo. Viraka ni vyako wewe. Ukikata unaharibu namna dawa inavyotoka kidogo kidogo, na kwa umri wake ni kikali. Bandika masaa 5 au 6 kabla ya safari, yaani usiku wa manane kwa boti yako, halafu nawa mikono. Ukigusa jicho mboni inatanuka, unaona ukungu. Kama una presha ya macho au unanyonyesha, uliza kwanza.

DerevaKitonga: Mimi niliwahi kumeza sinarizini niende Iringa, abiria wakaniamsha kwenye taa nyekundu. Sasa natafuna tangawizi tu.

BintiWete: Hongera dada, ya tatu hiyo? Kichefuchefu cha mimba mie nilipewa vingine.

MamaWawili: Sina mimba, ni boti! Asubuhi nimwongeze mkubwa dozi?

DukaLaDawa_Zamu: Inaruhusiwa kurudia asubuhi. Lakini akiamka bado anayumba kwa usingizi, mie nisingempa.

Chombo_Baharini: Mie ningempa, Nungwi kwenye kusi hukuijua?