Naomba ushauri: mzunguko wa siku 33, siku za kushika mimba ni zipi?

Habari zenu wapendwa. Tunatafuta mtoto, huu ni mwezi wa nane. Mzunguko wangu ni wa siku 33, lakini tulikuwa tunalenga siku ya 14 peke yake, kama wenye siku 28. Kumbe yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo langu ni kwenye siku ya 19. Likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, ila mbegu za kiume zinaweza kulisubiri hadi siku 5. Mwezi uliopita, siku ya 17, niliona ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi. Tukikutana siku ya 14, 16, 18 na 19, inatosha? Na ute ukija mapema, nifuate ute au kalenda?