Tupeane uzoefu: Ulichaguaje unene wa bomba au tangi la presha, na nini kilitokea baadaye?

Fundi wa Pasua, Moshi

Ndugu zangu, naomba tusimuliane, tena kwa vipimo, jinsi tulivyochagua unene wa mabomba na matangi ya presha, hasa pale tulipokosea. Naanza mimi.

Tulikuwa tunateremsha maji kutoka chemchemi iliyo mlimani hadi kwenye vituo vya kuchotea vya kijiji cha chini, na tofauti ya kimo ilikuwa mita 138. Nilifunga geji mwisho wa bomba la zamani wakati wa mchana, watu wakiwa wanachota, ikasoma baa 6. Kwa hiyo nilinunua bomba la poli la milimita 110 lililoandikwa PE100 SDR 17 PN10, yaani la kubeba baa 10, lenye ukuta wa milimita 6.6, nikiamini kwamba nimeacha akiba ya kutosha. Mwezi wa nane bomba lilipasuka, na wiki mbili baadaye likapasuka tena. Mara zote mbili ilikuwa sehemu ya chini kabisa, alfajiri kabla watu hawajaamka, na ufa ulifuata urefu wa bomba, mrefu kama mkono wangu.

Saa hizo za alfajiri ndizo zilizonionyesha kosa langu. Maji yanapotembea, sehemu ya presha hupotea njiani kwa msuguano. Usiku koki zote zikifungwa hakuna kinachopotea, na bomba la chini hubeba kimo chote cha mita 138, yaani karibu baa 13.5. Nikarudia hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni, σ ikiwa mkazo ndani ya ukuta, p presha kwa MPa, ambapo baa 10 ni MPa 1, D kipenyo cha nje na t unene wa ukuta:

```
σ = p(D − t) / (2t)
σ = 1.354 × 103.4 / 13.2 = 10.6 MPa
```

Poli ya PE100 kwa kazi ya maji hupangiwa mkazo usiozidi MPa 8. Tulipofukua, tulikuta pia jiwe lililokwaruza ukuta kwa kina cha milimita moja hivi, na kwa ukuta uliobaki hesabu ile ile inatoa MPa 12.6. Bomba halikupasuka siku ya kwanza kwa sababu poli huvumilia mkazo mkubwa kwa muda, lakini huchoka taratibu.

Kijana wa Sakina, Arusha

Pole, kaka. Mimi nakubaliana nawe kwamba unene ndio unaobeba presha, na ndiyo maana sikuhangaika sana na hesabu. Nina laini ya milimita 110 yenye ukuta wa 6.6, ina baa 9 usiku na mchana, na kwa miaka minne haijanisumbua. Sasa tunaongeza laini ya milimita 160 kwa presha hiyo hiyo, na nimeagiza bomba lenye ukuta wa milimita 6.2, kwa kuwa ni karibu unene ule ule.

Mhandisi Mstaafu, Moshi

Mwanangu wa Sakina, kama mzigo haujafika, usimamishe leo. Chukua bomba ulikate kwa fikra, kwa urefu, katikati kama mtu apasuaye muwa. Presha inasukuma nusu mbili zitengane, na eneo inalosukuma ni kipenyo mara urefu, wakati kinachozishika nusu hizo ni kuta mbili tu, ya kulia na ya kushoto. Kipenyo kikikua, msukumo unakua. Ukuta usipokua nao, mkazo unapanda. Kwa baa 9 bomba lako la 110 lina MPa 7, lakini lile la 160 litakuwa na MPa 11.2. Soma maandishi yaliyo ubavuni na utaona SDR 26, maana SDR ni kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene. Linganisha namba hiyo, usilinganishe milimita.

Sasa kata bomba lile lile kwa upana, kama mtu akataye mgomba. Hapo presha inasukuma duara tu, na linaloishikilia ni pete nzima ya ukuta. Ukifanya hesabu utapata nusu ya mkazo wa kwanza. Ndiyo sababu bomba lililoshindwa na presha peke yake hufunguka kwa urefu, kama la Fundi wa Pasua.

Mama wa Kamati ya Maji, Kibosho

Shikamoo, Mhandisi. Mbona letu lilikatika kwa mviringo? Ni bomba la chuma la inchi 4 linalovuka korongo, presha yake haizidi baa 9, nalo lilikatika kwenye kiungo cha nyuzi baada ya masika. Fundi alisema ukuta ni mwembamba, tukanunua zito zaidi kwa michango ya wananchi.

Mhandisi Mstaafu, Moshi

Marahaba, mama. Ukuta wa milimita 4.5 kwa presha hiyo unapata MPa 11 kwa mzunguko na kama 5.5 kwa urefu, na chuma cha kawaida hakianzi kulegea kabla ya MPa 200 hivi. Presha haikulikata. Je, mvua ilibomoa nguzo yoyote ndani ya korongo?

Mama wa Kamati ya Maji, Kibosho

Nguzo moja ililala kabisa, na bado hatujaijenga upya.

Mhandisi Mstaafu, Moshi

Basi bomba lilining'inia kwa uzito wake na wa maji yake, likapinda, likakatika pale ambapo nyuzi zimekwisha kula sehemu ya ukuta. Bomba zito mlilonunua litapinda vilevile. Jengeni nguzo kwanza.

Mchomeleaji wa Ngarenaro, Arusha

Mimi sina bomba, nina tangi la kompresa. Nilikunja bati la milimita 4 kwa kipenyo cha milimita 500, nikaziba ncha kwa bati bapa la unene huo huo. Tulilijaribu kwa maji, na kabla ya baa 10 ncha zote mbili zilikuwa zimevimba. Mwili wa tangi ulikuwa mzima, kwa sababu mkazo wake ulikuwa MPa 62.5 tu. Nimejifunza kwamba bati bapa hupinda badala ya kuvutwa, na kwa kipenyo hicho lingehitaji unene unaozidi milimita 20. Sasa nanunua ncha zilizobinuka, na kila tangi nalijaribu kwa maji, kamwe si kwa hewa.

Fundi wa Pasua, Moshi

Asanteni. Mimi nimebadilisha mita 600 za chini kwa SDR 11, ukuta wa milimita 10, na mkazo umeshuka hadi MPa 6.8. Hata hivyo, tundu la ndani limepungua kutoka milimita 96.8 hadi 90, na kwenye kipande hicho uwezo wa kupitisha maji unapungua kwa karibu asilimia 17.

Mhandisi Mstaafu, Moshi

Je, kuna sehemu iliyo juani? SDR 11 yako ni PN16, lakini hiyo ni kwa nyuzi joto 20. Poli nyeusi ikifika nyuzi 40 hubakiwa na kiasi cha 0.74 ya uwezo wake, yaani baa 11.8, na wewe unahitaji 13.5. Na mtu akifunga koki ghafla, maji yaliyokuwa yakienda mita moja kwa sekunde yanaweza kuongeza baa 3 hivi kwenye poli. Mimi ningejenga tangi la kukata presha katikati ya mteremko, ambamo maji humwagika wazi na presha huanza upya kutoka hapo.

Mama wa Kamati ya Maji, Kibosho

Sisi tulikuwa nalo, Mhandisi. Boya lilikwama, maji yakafurika kwenye migomba ya watu usiku kucha, nasi tukalipa. Mimi ningebaki na bomba nene.

Fundi wa Pasua, Moshi

Kuna mita 40 zinazopita juu ya mwamba, ziko juani kuanzia asubuhi. Jumamosi nitapanda na kipimajoto na geji, nizipime saa nane mchana koki zikiwa zimefungwa, kabla sijaamua lolote kuhusu tangi.