Nimeshusha hadithi ya mama chini ya ukurasa wa mchango, dada amekasirika. Naomba ushauri

Wadau, salaam. Dada yangu anashona mabegi ya turubai hapa Kawangware na anachangisha 240,000 mtandaoni anunue cherehani mbili za kiwandani. Ukurasa wake ulianza na aya tano za marehemu mama. Mimi mwenyewe nililia, lakini rafiki aliyeusoma kwenye simu akiwa matatuni aliniuliza, "Sasa mnataka pesa ngapi?"

Nikaupangua. Juu nimeweka kiasi na mgawanyo wake: cherehani 130,000, turubai 60,000, kutuma zawadi 35,000, ada za malipo 15,000. Halafu tarehe ya kufunga, na kwamba mabegi yatatoka wiki nane baadaye. Mama yuko chini.

Kuandika zawadi ndiko kulikonifumbua macho. Dada aliahidi begi kwa kila atakayetoa 1,500. Kulishona ni 1,100, kulituma 300, kwa hiyo watu mia wakitoa 150,000, anabaki na 10,000 tu! Nimependekeza begi lianzie 3,000, na watakaotoa 500 wapate kibeti cha vipande vinavyobaki.

Dada anasema nimeua ukurasa. Hasa hataki sentensi hii inayotaja hatari ya kuchelewa: "Turubai ikichelewa, mabegi yatachelewa hadi wiki nne, na tutawajulisha kila Ijumaa." Anaona itafukuza watu.

Waliowahi kuchangisha, mliiandikaje sehemu hiyo? Na nimwachie mama japo sentensi moja juu, karibu na picha?