Kidonda kidogo, maumivu makali mno: tusubiri asubuhi?

Mdogo Mtu: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Juzi kaka yangu alichomwa na mwiba kwenye muundi. Jana pakavimba, akapewa vidonge vya antibayotiki, tukaambiwa ni maambukizi ya ngozi. Kidonda chenyewe hakifiki punje ya mchele, lakini mtu mzima analia. Shuka likimgusa tu anapiga kelele. Ana homa na moyo unamwenda mbio. Saa moja iliyopita sehemu ya ukubwa wa kiganja imeanza kuwa zambarau iliyochanganyika na kijivu. Tuzipe dawa muda hadi asubuhi?

Nuru: Pole sana. Chora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe, andika na saa. Dawa huchukua siku mbili hivi kuonyesha kazi. Asubuhi uvimbe ukiwa umevuka mstari, mrudisheni.

Bi Mkubwa: Mama yangu alivimba hivyohivyo, kumbe damu iliganda mguuni. Kaka ana kisukari?

Mkongwe wa Tieta: Mdogo Mtu, ondokeni sasa hivi, mengine utasoma njiani. Nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi. Nuru, kalamu inasaidia kwa maambukizi ya kawaida, ila hapa itawadanganya. Ugonjwa huu unaonekana kutembea chini, kwenye utando unaofunika misuli, na unaweza kuwa umefika mbali huku ngozi ya juu bado nzuri. Ndiyo maana maumivu hayalingani na kidonda.

Hiyo rangi ya kijivu inaashiria kwamba mishipa midogo inayolisha ngozi inaziba. Damu isipofika, dawa nayo haifiki, hata iwe ya dripu. Dripu ataihitaji, lakini nyama iliyokufa ni lazima ikatwe, na kila saa ya kungoja inaongeza ya kukatwa. Maumivu yakipoa ghafla huku rangi ikizidi, msifurahi: huenda neva zimeshakufa.

Mkifika msiseme "ana kidonda". Semeni maumivu yamezidi kidonda, rangi imebadilika ndani ya saa moja, na mnaomba daktari wa upasuaji amwone. Asile chochote.

Bi Mkubwa, kisukari huongeza hatari, ila nimepokea pia vijana wasio na ugonjwa wowote.

Nuru: Si wapige kwanza picha ya mguu?

Mkongwe wa Tieta: Rangi ikishageuka hivyo, picha isimcheleweshe. Ikitoka safi, bado haimtoi hatarini.

Mdogo Mtu: Tumetoka huko alfajiri hii. Daktari alichana kidogo, akaingiza kidole, kikapita kati ya nyama na utando bila kukwama popote. Hapakutoka usaha, yalitoka maji ya kijivu kama ya kuoshea vyombo. Wakamwingiza moja kwa moja. Wamekata sehemu kubwa, na ndani ya saa 24 watamfungua tena waangalie kilichobaki. Kuhusu mguu, hawajatuahidi kitu.

Bi Mkubwa: Kidonda watakiacha wazi?

Mkongwe wa Tieta: Ndiyo, mpaka kila wanachokiona ndani kiwe kinatoa damu nyekundu. Mdogo Mtu, ukiingia kumwona angalia kama anapata mkojo, uniambie.