"KWANI ILIKUWA LEO?" Wakuu, huyu mtu leo namfuta kwenye simu

Mpanda Mlima Pekee ameandika:

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa Morogoro, nimekaa juu ya jiwe, mkononi nina mihogo ya kukaanga ya watu wawili na naila peke yangu kwa hasira.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji, lakini mnamjua. Ndiye yule aliyechelewa siku yake mwenyewe ya kuzaliwa mpaka tukakata keki bila yeye. Izraili akimgongea mlango atamwambia "kaka leo sipo vizuri, tufanye wiki ijayo", na Izraili ataondoka.

Wiki tatu tumepanga. TATU. Jumamosi tupande treni ya SGR ya asubuhi, tufike Moro, tupande Uluguru mpaka Morningside, jioni turudi Dar. Wazo ni lake! Mimi na milima wapi na wapi, mimi mtu wa Mbagala, kilima changu ni ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Yeye ndiye alinitumia picha, yeye ndiye alisema "kaka tunazeeka bila kuona nchi". Nikakata tiketi mbili, 13,000 kwa 13,000. Nikaongea na kijana wa kutupeleka mlimani, bei ya watu wawili. Jana saa 3 usiku nikamkumbusha. Akajibu "Mapema kabisa kaka!" na dole gumba.

Alfajiri nipo stesheni. Napiga, haipokelewi. Napiga, haipokelewi. Simu kumi na moja. Nikaingia kwenye behewa, nikaweka begi kwenye kiti chake ili mtu asikae. Treni ikang'oka. Tumeshaipita Pugu ndipo anapiga yeye, sauti ya mtu ambaye shavu bado liko kwenye mto:

"Oya, kwani ilikuwa LEO?"

Wakuu. Kwani ilikuwa leo. Jana saa 3 usiku ameniambia mapema kabisa. Mapema ya lini? Ya kiama?

Hakusema samahani. Angesema anaumwa ningemwelewa. Angesema amefiwa ningechanga. Kwani ilikuwa leo! Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja mtu mzima, aliisikia ile sauti, akanitazama, akaniondolea begi kwenye kiti na kuweka kapu lake. Yule mama alishaelewa kwamba hakuna mtu anayekuja.

Huku nako kijana wa mlimani kanipokea na swali moja tu: "Mwenzako yuko wapi?" Nikamwambia anaumwa. Nimemtetea! Njia nzima napanda nahema kama pampu ya baiskeli, kichwani nasikia kwani ilikuwa leo, kwani ilikuwa leo. Mji wote wa Morogoro nimeuona chini, mzuri kweli, na sikuwa na wa kumwambia "oya cheki kule".

Namfanyaje mtu huyu?

---

Kijiwe Nongwa:

Uzi bila picha ya mihogo ni chai. Naongeza sukari.

---

Mama Wawili:

Pole sana mdogo wangu. Mwanaume anayekuacha stesheni ana mwanamke mwingine, huo ndio ukweli. Usimpigie simu 11 tena, unajishusha. Tulia, atakutafuta.

---

Mpanda Mlima Pekee:

Dada, mimi ni mwanaume. Na yeye ni mwanaume. Ni rafiki tu, tumesoma wote.

---

Mama Wawili:

Basi simu 11 ni nyingi hata kwa rafiki.

---

Chuma cha Pua:

Mkuu huyo anakudharau, hakuna kingine. Mtu akikuheshimu anakuja, hata kwa mguu. Kwa bosi wake mbona hachomoi? Futa namba, songa mbele.

---

Kosta Namba Moja:

Chuma, umegusa kitu lakini si chote. Mimi kazi yangu ya pembeni ni kuandaa safari za wikiendi, nakodi Kosta, nakusanya watu. Watu wanaochomoa nimewala na kuwashiba.

Mleta mada, kosa lako la kwanza ni kuamini "mapema kabisa". Anayekubali haraka hivyo, bila kuuliza chochote, haji. Anayekuja ni msumbufu: anauliza tunarudi saa ngapi, viatu gani, kuna choo, chakula kipo au nibebe. Ameshajiona akiwa njiani, ndiyo maana ana maswali. Huyo wako katika wiki tatu alikuuliza nini?

La pili, tiketi ulikata wewe. Yeye alipoteza nini leo asubuhi? Usingizi wake uko palepale na hela yake iko palepale. Mimi siku hizi simuulizi mtu "utakuja?" Namuuliza "umeshalipa?" Kiasi chenyewe kinaweza kuwa kidogo, 5,000, lakini kitoke kwake na asirudishiwe. Jumatano usiku nafunga daftari. Ambaye hajatuma simhesabu, na simgombezi, nampa mwingine kiti. Nilipoanza hivyo idadi ya wanaosema "nitakuja" ilipungua nusu, ila Kosta ikawa inajaa.

Sasa kabla hujamfuta, fanya jambo moja. Rudi kwenye meseji zenu uangalie tarehe alizochomoa. Wengi wanaokula kona dakika ya mwisho walijua tangu katikati ya wiki kwamba hawatakwenda. Mfukoni hakuna kitu, na kusema "sina hela" ni aibu, kwa hiyo anasubiri labda Ijumaa kitaingia kitu. Hakiingii. Anazima simu, halafu asubuhi anajifanya amesahau. "Kwani ilikuwa leo" mara nyingi ni mtu mwenye aibu, si mtu mwenye dharau.

---

Kijiwe Nongwa:

Kosta hela ya tiketi ilishalipwa, aibu ya nini tena?

---

Kosta Namba Moja:

Tiketi ya kwenda tu. Kuna kurudi, kuna kijana wa mlimani, kuna kula, kuna nauli ya kutoka kwake alfajiri kabla daladala hazijachanganya. Mtu aliyelipiwa tiketi ana aibu mara mbili, maana huko mbele atalazimika kulipiwa kila kitu.

---

Mpanda Mlima Pekee:

Nimerudi kwenye meseji. Mwaka huu kachomoa mara sita. Nne ni kati ya tarehe 18 na 27. Sawa, hapo Kosta naona unaponipeleka. Lakini mbili ni tarehe 2 na tarehe 4, mshahara haujapoa! Na ile ya tarehe 4 stetasi yake usiku ilionyesha kuku mzima na ndizi. Aibu gani inayokula kuku mzima?

Na hata kama hana hela, ndio uniambie kwani ilikuwa leo?

---

Chuma cha Pua:

Nilisema. Dharau.

---

Mgeni Njoo:

Naomba nipigwe mawe taratibu. Mimi kwa wenzangu ndiye mtu huyo.

Mtu akinialika napenda kweli. Wakati ule nasema "nakuja" siongopi. Tatizo ni kwamba Jumamosi ikiwa mbali naiona nyepesi, ikikaribia inakuwa nzito kama gunia la chumvi. Nikiamka nawaza kuoga, kuvaa, foleni, kuongea na watu. Halafu kadiri ninavyochelewa kusema siji ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kusema, mpaka inabaki kudanganya tu. Hela ninayo. Ninyi wenyewe nawapenda. Nikishafika hata huwa nafurahi kuliko wote.

Rafiki yangu mmoja aliniweza: hanialiki tena mahali. Anakuja nyumbani kwangu ananiambia "vaa viatu".

---

Kijiwe Nongwa:

Mkuu wewe ungevalishwa viatu na kijana wa mlimani kabisa.

---

Mpanda Mlima Pekee:

Yaani nitoke Mbagala saa 9 usiku nikamvalishe viatu mtu wa miaka 34 Tegeta? Halafu ndio tuje stesheni?

---

Bibi wa Makadara:

Hamjambo humu. Mie niko Mombasa, na nyie mwalia na rafiki, rafiki mwamuacha nyumbani mwenda zenu. Njooni muone fundi wangu wa nguo. Kitambaa nimempa mwezi mzima kabla ya Idi. Kila nikipita: "Kesho bibi." Siku ya arafa naenda, nakuta kitambaa kiko kwenye mfuko ule ule niliompa nao, hata fundo sikulifunga hivyo nikasema labda amekifungua. Kumbe alifungua akafunga. Idi nimeswali na dera.

---

Chuma cha Pua:

Mafundi wa nguo msitukumbushe. Suti yangu ya send-ofu ya dada ilikuja na mkono mmoja mrefu. Nilipiga picha zote nimekunja kiwiko kama nashika kiuno.

---

Mama Wawili:

Wangu alikata gauni la kitenge maua yakaangalia chini. Nikamuuliza, akasema ndio mtindo.

---

Cherehani ya Singa:

Mimi ni fundi, Kariakoo. Mnatusema lakini semeni na yenu. Kitambaa kinaletwa siku tatu kabla ya sikukuu, mteja hajatanguliza hata shilingi, anasema "nitakulipa yote nikichukua". Nina vitambaa 40 mezani. Nitaanza na cha nani? Cha aliyetanguliza. Na wapo wanaoshonewa nguo halafu hawaji kuzichukua, zina mwaka wa pili zinaning'inia.

---

Kosta Namba Moja:

Fundi umesema vilevile nilivyosema mimi. Atangulize.

---

Bibi wa Makadara:

Mie nilitanguliza nusu! Na huyo ndugu yako akala nusu yangu na kitambaa hakukikata.

---

Cherehani ya Singa:

Bibi huyo si fundi, huyo ni mshika mkasi. Lete kwangu.

---

Mpanda Mlima Pekee:

Wakuu turudi kwenye mada. Amepiga sasa hivi. Sikupokea, akaacha sauti. Anasema kasikia Moro kuna baridi nzuri, na Jumamosi ijayo nina ratiba gani, eti safari hii tiketi anakata yeye.

Nimjibu nini?

---

Mama Wawili:

Fundi, suruali ya kitenge ya mtoto wa miaka sita inaingia mita ngapi? Na unapokea ya kutumwa kwa basi kutoka Dodoma?

---

Cherehani ya Singa:

Mita moja inatosha, mama, na kipande kinabaki. Napokea. Ila tanguliza.